Tupeane uzoefu: uliyempa gari hakuwa na leseni, ukabanwa wewe

Mama Viazi, Uyole
Ndugu zangu, mwezi Juni dereva wangu aliugua, nikampa mtoto wa dada yangu ufunguo wa Noah apeleke magunia ya viazi Mwanjelwa. Nilijua anaendesha vizuri, leseni sikumwomba. Pale Mafiati aligonga bodaboda, na abiria akavunjika mguu. Bima yangu ni kubwa na ilikuwa hai, lakini swali la kwanza la mkaguzi lilihusu leseni, na kijana alikuwa na ya pikipiki pekee, daraja A. Barua imekuja kwamba matengenezo ya gari langu hayatalipwa, kwa kuwa mkataba unataka dereva awe na leseni ya daraja la gari analoliendesha. Polisi nao wananihoji kwa kumruhusu. Yaliyowakuta wenzangu ni yapi?

Fundi wa Ipogolo
Pole sana, mama. Ninavyojua, mwenye gari ambaye hakuwemo ndani hashtakiwi. Bosi wangu hapa Iringa aliachiwa kabisa wakati kijana wa kuosha magari alipogonga ukuta.

Karani wa Makambako
Fundi, huyo kijana alichukua gari bila ridhaa, ndiyo maana bosi wako aliachiwa. Nimefanya kazi ofisi ya wakili miaka tisa na kesi za namna hii nimezipokea nyingi. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, humkataza mwenye gari kumwajiri au kumruhusu asiye na leseni aliendeshe, na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, humbana anayeruhusu gari litumike barabarani bila bima ya mtu wa tatu, hata kama yeye amelala nyumbani.

Madai ya majeruhi ni jambo jingine. Mama, kijana alikuwa amebeba mzigo wako, kwa agizo lako, kwa hiyo mahakama inaweza kukuhesabu wewe kuwa mwajibikaji pamoja naye. Angekuwa ameliazima kwenda harusini kwao, ungekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kujitetea. Kampuni ya bima nayo ikimlipa majeruhi, inaweza kukudai wewe baadaye. Usisaini makubaliano yoyote na familia ya majeruhi kabla ya kuitaarifu kampuni kwa maandishi, kwani wengi huharibikiwa hapo.

Mwalimu, Tukuyu
Mimi niliuza pikipiki, mnunuzi akaahirisha kubadilisha kadi, kisha akapata ajali Kiwira. Mwito wa mahakama ulikuja kwa jina langu. Je, nami niliruhusu?

Karani wa Makambako
Mwalimu, wewe hukuruhusu, uliuza. Hata hivyo kadi ikibaki kwa jina lako, wewe ndiye unayetafutwa kwanza. Peleka mkataba wa mauziano wenye tarehe na mashahidi.

Mama Viazi, Uyole
Asante, karani. Ndugu za majeruhi walileta karatasi jana nisaini, sijaisaini. Kampuni haijasema kama italipa matibabu, na kijana anaripoti kituoni Jumatatu.