Mjadala: Spreyi ikiitwa Bahari, mteja anuse nini?

Anayeuliza (Tabata): Nachanganya spreyi za mwili, mafuta ya harufu nanunua Kariakoo. Nina aina tatu: Bahari, Asmini na Liwa. Liwa inajiuza yenyewe. Bahari inarudishwa, na juzi mama mmoja kanisema mbele za watu: "Umeandika bahari, bahari yenyewe iko wapi? Tapeli wewe." Jina la unyunyu lazima liseme ukweli, au ni pambo la kuuzia tu? Nibadilishe jina au nibadilishe mafuta?

Muuza duka (Kariakoo): Dada yangu, kosa lako ni Kiswahili. Weka jina la Kifaransa, hata kama hujui maana yake. Mimi nina chupa hapa zina majina ambayo mimi mwenyewe siwezi kuyatamka, na sijawahi kuona mtu anarudisha akisema jina limemdanganya. Atalinganisha na nini? Ukiandika Bahari, kila mtu Dar ana bahari yake kichwani. Yule mama huenda anaishi jirani na soko la samaki la Feri.

Mama wa Kipemba (Magomeni): Kaka hapo umekiri bila kujua. Jina lisiloeleweka linauza kwa sababu mteja hawezi kukushitaki. Mimi nasema jina liwe kweli au lisiwepo. Sisi tumekulia kwenye vikuba vya maua, tunajua asmini inanukiaje jioni inapofunguka, tunajua kilua, tunajua rehani. Leo mtu ananiuzia "Asmini" inayonukia pipi ya mpira. Huo ni wizi, tuuite wizi.

Mchanganyaji (Gerezani, kazi hii tangu 2009): Nianze na Bahari, maana ndiyo inayomrudia dada. Mafuta yanayouzwa kwa jina la bahari, mengi uti wake ni kemikali iitwayo kaloni. Waliigundua wanakemia wa kampuni ya dawa mwaka 1966, na ikaenea sana kwenye pafyumu miaka ya 1990. Sasa fungua chupa yako, chovya kipande cha karatasi, kisha mpe mtu asiyeona lebo. Atakwambia tikiti maji. Mwingine atasema tango, au hewa baada ya mvua. Lakini kaloni ina kipande kingine kidogo ndani yake, cha chaza, kile kinachokujia ukibandua gamba. Ukizidisha kipimo, kipande hicho kinapanda juu.

Pua ya mtu ikiachiwa yenyewe huwa haina uhakika. Inanusa mchanganyiko na kutafuta wa kuuambia ni nini. Jina ndilo linaloiambia. Watafiti wawili, Herz na von Clef, walionyesha jambo hili mwaka 2001: watu walipewa harufu ileile mara mbili kwa majina tofauti, mara jibini la parmesani, mara matapishi, na majibu yao ya uzuri na ubaya yakapishana vibaya sana. Chupa ni ile ile, jina ndilo jipya.

Kwa hiyo unapomwambia mteja wa Dar "Bahari", unaituma pua yake ikatafute bahari. Aliyeitunga ile harufu alikuwa anafikiria maji ya buluu na upepo. Huyu wako anafikiria Feri saa tatu asubuhi, mwani, na ndoo za dagaa. Pua inazunguka ndani ya tikiti, inakikuta kile kipande cha chaza, inasema: "Ahaa, shombo." Ungemwambia "Tikiti" asingekiona kabisa. Mimi siiti huo utapeli. Ila umemwelekeza mahali pabaya.

Muuza duka: Umenena. Kuna kijana alinirudishia, akasema inanuka samaki. Nikainusa, nikaona tikiti, nikamwona mchawi.

Mgeni (Mbagala): Samahani, mimi spreyi yoyote ya kwapani inaniwasha, natoka vipele vyekundu. Je, jina linaweza kunisaidia kujua ipi haiwashi?

Mchanganyaji: Hapana, dada, hilo ni jambo jingine. Jina halikwambii kitu kuhusu ngozi. Inaweza kuwa spiriti, hasa kama umetoka kunyoa muda huohuo, au mojawapo ya harufu zenyewe. Acha kwapa, nyunyiza kwenye nguo. Ikiendelea, nenda kwa daktari wa ngozi.

Mama wa Kipemba: Haya, Bahari tumeelewa. Asmini je? Hapo hakuna cha kuelekeza pua. Asmini ni ua. Lipo ndani au halipo?

Mchanganyaji: Halipo, mama, na sitakudanganya. Mafuta ya asmini ya kweli yanataka maua mamia ya kilo kupata kilo moja tu, tena yachumwe kwa mkono. Chupa ya elfu tano haiwezi kuyabeba. Kinachotiwa ni kemikali mbili tatu. Moja, benzili asetati, ni kweli imo ndani ya ua lenyewe pia, lakini ikiachwa peke yake inaelekea ndizi na pipi ya mpira. Pua yako haikukosea. Ua la kweli lina pia uzito fulani, karibu uchafu kidogo, na wachanganyaji wengi wanauondoa kwa kuogopa wateja. Unabaki utamu mtupu.

Ila nakuuliza: juisi ya unga ikiandikwa "embe", unatarajia embe ndani?

Mama wa Kipemba: Ndiyo. Na sinunui.

Karani wa sheria (Posta): Naomba niingie kwa upande wa majina, maana hapo ndipo ninaposhinda. Jina linalotaja kitu chenyewe, kama Asmini kwa unyunyu wa asmini, ni gumu kulisajili BRELA liwe lako peke yako. Linaeleza bidhaa, na kila mchanganyaji ana haki ya kulitumia. Jina linalogusa pembeni ndilo unaloweza kulilinda. Usisahau pia kwamba alama ya BRELA ni ya Bara. Zanzibar wana usajili wao. Na vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, kwa hiyo kabla hujahangaika na jina, dada, bidhaa yenyewe imesajiliwa?

Anayeuliza: Naishughulikia. Tafadhali tusiingie huko leo.

Muuza duka: Hahaa, kaingiwa na baridi.

Mchanganyaji: Dada, kabla ya kubadili chochote, fanya hivi. Tafuta watu kama kumi na mbili wa kariba ya wateja wako, siyo ndugu zako. Chupa iwe bila lebo. Nyunyiza kwenye karatasi, subiri nusu dakika spiriti iruke, mpe. Muulize swali moja: "Hii inakukumbusha nini?" Usimuulize kama ni nzuri, atakuridhisha tu. Andika neno lake kama alivyolitamka. Kisha chukua kumi na wawili wengine, uwape jina kabla ya chupa na uwaulize wanatarajia nini, halafu wanuse. Kama maneno ya kundi la kwanza na matarajio ya kundi la pili hayakutani popote, jina limekufa. Na usimpe mtu zaidi ya harufu tatu, pua inachoka.

Anayeuliza: Nimerudi baada ya siku nne. Nimefanya kwa wasusi wa saluni mbili za hapa Tabata na wateja wao.

Bila jina: saba walisema tikiti au tango, watatu sabuni ya kufulia, wawili walikwama. Hakuna hata mmoja aliyetaja bahari. Hakuna aliyetaja samaki.

Kwa jina la Bahari: kabla ya kunusa walitaja ufukwe wa Koko, chumvi, upepo, samaki, na mmoja "harufu ya mwanamume". Walipoinusa, watano walisema shombo, na mmoja akaniuliza kama ni ya chooni. Chupa ni ileile! Nilikaa kwenye kiti cha kukaushia nywele nikacheka peke yangu.

Nimefikiria kuiita Umande. Inakaribia ile "hewa baada ya mvua", na karani amesema jina la pembeni linalindika.

Muuza duka: Umande? Watasema mwenye spreyi kakimbia umande. Mimi nikiiweka kaunta, vijana watataniana kutwa.

Karani wa sheria: Utani siyo sababu ya kukataliwa usajili.

Muuza duka: Ni sababu ya kukataliwa kaunta.

Mchanganyaji: Utani huo mimi sioni kama unaharibu, unafanya jina likumbukwe. Swali langu ni jingine: baada ya saa mbili kuna nini? Mtu hununua kwa harufu ya dakika ya kwanza, lakini anaishi na ile inayobaki kwenye kanga. Bahati yako kaloni haikimbii haraka. Limao lingekuwa limeshaondoka ndani ya nusu saa, hasa kwa joto hili letu, lakini hii inakaa. Kwa hiyo Umande hautageuka uongo jioni. Asmini yako ndiyo yenye tatizo hilo. Niliinusa dukani kwa huyu bwana: inaanza na limao kali, asmini inakuja baadaye. Aliyesoma "Asmini" ananusa limao kwanza, anawaza sabuni ya vyombo, anairudisha kabla ua halijafika.

Anayeuliza: Kwa hiyo nipunguze limao?

Mchanganyaji: Ukitaka kubaki na jina, ndiyo. Anza kwa kulipunguza nusu, halafu urudi saluni. Ukitaka kubaki na limao, basi litaje. Chini ya jina andika mstari mmoja kwa mfuatano wanaonusa: "limao kwanza, kisha asmini, mwisho miski". Mteja aliyeambiwa limao linakuja hashangai. Kwenye Umande andika "tikiti, tango, miski". Neno bahari lisionekane popote kwenye lebo, hata kwa picha ya wimbi.

Mama wa Kipemba: Na uandike "harufu ya asmini", siyo "asmini". Neno moja tu hilo, harufu. Ukiweza kuandika tango ambalo halimo, hilo litakushinda?

Muuza duka: Mama, ukiandika "harufu ya" hata Liwa itaonekana feki, na hiyo ndiyo inayolipa kodi ya dada.

Mama wa Kipemba: Liwa yake ina liwa?

Anayeuliza: …Ina mafuta yanayouzwa kwa jina hilo.

Mama wa Kipemba: Mimi nimesingwa kwa liwa ya kusagwa kwenye jiwe. Niletee chupa Magomeni, nitakwambia bila lebo.

Anayeuliza: Naleta Jumamosi. Lebo za Umande nimeagiza hamsini tu kwanza. Za Asmini nimesimamisha mpaka nijue la limao.