Naomba ushauri: picha ya ziwa inameza kichwa cha slaidi ya kwanza

Wadau, habari zenu. Kikundi chetu cha wauza samaki hapa Dunga, Kisumu, kinaandaa maombi ya chumba cha baridi, nami nimepewa slaidi. Kichwa nimekifupisha kikawa "Ngege Wabichi Hadi Sokoni", maana kile cha awali kilijaza mistari mitatu na hakuna jicho lililokishika.

Shida ni picha. Ni ya machweo: upande wa kushoto maji yanameremeta, kulia kuna mashua na anga iliyotulia. Herufi nyeupe zikipita juu ya yale maji, nusu ya kichwa inapotea. Nimeweka mstatili mweusi juu ya picha yote, Transparency 50%. Maandishi yanasomeka, lakini ziwa limekuwa kama usiku wa manane, na projekta ya ukumbini huwa inafifisha rangi zaidi.

Sasa nafikiria Gradient fill: nyeusi nzito kushoto penye kichwa, ikififia hadi Transparency 100% kulia, mashua zibaki na mwanga wake. Au nigeuze picha kwa Flip Horizontal ili kichwa kikae upande wa anga? Nasita, kwa sababu majina yaliyoandikwa kwenye mashua yatasomeka kinyume.

Nembo yetu ni JPG, inakuja na kisanduku cheupe. Nitatafuta PNG isiyo na mandharinyuma. Je, ikae pembe ya juu kulia, au chini ya kichwa, ilingane na ukingo wake wa kushoto? Mngechagua lipi?