Naomba ushauri: orodha ya viporo vya kila jioni inazidi kurefuka

Karani wa Buguruni: Wakuu, habari za jioni. Nipo kitengo cha hesabu, kampuni ndogo ya usambazaji hapa Dar. Kila siku saa 10:45, robo saa kabla ya kutoka, nafungua Excel, naorodhesha kazi zisizokwisha na kuzihamishia kesho. Lengo ni kutoka na akili nyepesi. Sasa orodha ina mistari 31 na usiku nazihesabu kitandani. Niifupishe au niiache?

Mzee wa Ratiba: Endelea kuandika, kijana. Kilichoandikwa kimeshatoka kichwani.

Dada Leja: Shikamoo mzee. Kuandika peke yake hakutoshi. Mwaka 2011 watafiti Masicampo na Baumeister walionyesha kwamba jambo lisilokamilika hupunguza kusumbua akili mtu akishalipangia namna mahususi ya kulifanya, hata kabla hajaligusa. Jina la kazi si mpango. Karani, unaziandika upya moja moja au unanakili safu nzima?

Karani wa Buguruni: Nanakili yote, nabandika chini ya tarehe ya kesho. Ni haraka.

Dada Leja: Basi hujahamisha kitu, tarehe ndiyo imebadilika. Ukiandika upya kwa mkono, kila mstari unakulazimisha kuamua: kesho saa ngapi, au tarehe gani nyingine, au apewe nani, au ufutwe. Anza saa 10:30. Pitia trei ya mezani, barua pepe, WhatsApp ya ofisi na daftari, lakini usijibu chochote, andika tu. Ukijibu ujumbe mmoja, muda wote umekwisha. Kisha weka alama ya wino kila kazi inapohamishwa. Ikifika alama tatu, hairuhusiwi kuhama tena ilivyo.

Mama Sinza: Mimi naona mnamwonea. Kazi 31 ni za watu wawili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na za ziada zilipwe angalau mara moja na nusu. Kwetu dukani tulilidai hilo tukalipata.

Karani wa Buguruni: Mama, sidaiwi kubaki. Natoka saa 11 kamili.

Fundi Saa: Kati ya hiyo mistari, upi umehama mara nyingi kuliko yote?

Karani wa Buguruni: Mingi ni midogo midogo, mkuu.

Fundi Saa: Sijauliza mingi. Nimeuliza upi.

Karani wa Buguruni: Usuluhishi wa benki wa Agosti. Daftari letu na taarifa ya benki vinapishana shilingi 270,000, sioni zilipo. Wakaguzi wanakuja mwezi huu na bosi hajui. Leo nimeutoa kwenye orodha nikauweka karatasi ya "baadaye". Naona ni sawa tu, maana hauna tarehe ya TRA. VAT ina tarehe 20, PAYE tarehe 7, hizo ndizo zinakimbiza.

Kipepeo: Uzi wa kutunga huu. Kazi ndogo 31, halafu ghafla wakaguzi, halafu tofauti ya namba nzima isiyo na hata shilingi moja ya makato ya benki? Anatuchezea.

Karani wa Buguruni: Makato nimeshayaingiza. Kilichobaki ni hizo 270,000.

Dada Leja: Namba hiyo inaaminika kabisa, Kipepeo. Inagawanyika kwa 9, na hiyo mara nyingi ni dalili ya tarakimu kupishana: 5,850,000 ikaandikwa 5,580,000, tofauti ni 270,000 kamili. Nusu yake ni 135,000, nayo inaweza kuwa imeingizwa upande usio wake. Karani, "usuluhishi wa Agosti" hauwezi kuingia kwenye kesho ya mtu yeyote, ndiyo maana unahama. Jioni hii futa mstari huo, andika: "Saa 2:30 hadi saa 3:00, tafuta 135,000 daftari la Agosti. Isipopatikana, saa 3:00 hadi saa 4:00 linganisha amana za zaidi ya milioni moja, tarakimu kwa tarakimu." Huo unafanyika au haufanyiki, na saa 4 utajua.

Mzee wa Ratiba: Na akikosa?

Dada Leja: Jioni anaandika hatua nyingine: kuomba benki nakala za hati za amana. Na kumwambia bosi.

Karani wa Buguruni: La bosi bado. Nikimwambia kabla sijajua chanzo, ataona nimekula. Hiyo saa moja na nusu ya asubuhi nimeiandika.

Fundi Saa: Mimi ningemwambia kabla ya saa 2:30. Akisikia kwa wakaguzi ndiyo ataona umekula. Na hiyo karatasi ya "baadaye" ipangie siku, Ijumaa jioni, kila mstari upite kwenye uamuzi uleule.

Karani wa Buguruni: Ijumaa nimeikubali. La bosi nalifikiria.