Karani wa stoo: rasimu A au B?

IntaniMpya: Wadau, niko mafunzoni upande wa rasilimali watu, kampuni ya watu saba. Bosi anatafuta karani wa stoo. Nimeandika rasimu mbili za tangazo la kazi.

A: "Awe na shahada, uzoefu wa miaka 3, umri 22 hadi 30, mchapakazi, awezaye kufanya kazi bila kusimamiwa."

B: "Utapokea mzigo na kuulinganisha na hati yake, utaandika kila kinachoingia na kutoka, na kila Ijumaa utahesabu stoo."

Bosi kaipenda A, eti ina hadhi. Mnasemaje?

KalamuNyeusi: B, ingawa haijaiva. Kila sifa ya A iulize hivi: mtu asipokuwa nayo, kazi ipi itamshinda? Kulinganisha mzigo na hati hakuhitaji shahada. "Mchapakazi" kila mtu hujiita. Umri futa kabisa. Haupimi kitu, na nchi nyingi sheria inaukataza. Kwenye B ongeza saa za kazi, aina ya mkataba, mahali, mshahara, pa kutuma maombi na siku ya mwisho. Kama kuna kunyanyua katoni, sema mapema.

MzeeWaLeja: Shahada ibaki. Bila chujio, dogo wetu atasoma wasifu 200 peke yake.

KalamuNyeusi: Chujio linahitajika, mzee wangu, ila hilo linamtupa nje aliyekaa stoo miaka sita bila cheti. Mwambie kila mwombaji ajibu kwa mistari mitatu: hati inasema katoni 40, wewe umehesabu 38, utafanyaje? Anayeijua kazi atasema anahesabu upya dereva akiwepo, anaandika 38 kwenye hati, dereva anasaini, ndipo anaijulisha ofisi. Asiyeijua atakuandikia kwamba yeye ni mwaminifu.

Subira_K: Nafasi bado ipo? Nina uzoefu wa dukani. Ila mtaje mshahara jamani. Mimi nimewahi kuitwa usaili mara mbili, ya pili ndiyo naambiwa kiasi, chini ya nilichokuwa napata!

IntaniMpya: Dada Subira, hatujatangaza bado. Mshahara bosi hataki, anasema waliopo watanung'unika.

MzeeWaLeja: Hapo yuko sahihi. Ukiandika kuanzia hapa hadi pale, wote wataishika ile ya juu.

KalamuNyeusi: Wataishika, ndiyo. Basi ya juu iwe ile mnayoweza kuilipa kweli. Na wakinung'unika, tatizo ni malipo yao, tangazo limelifunua tu. IntaniMpya, anayeifanya kazi hiyo sasa umemuuliza jana alishinda akifanya nini?

IntaniMpya: Nimetoka kumuuliza. Asubuhi nzima alikuwa kwenye simu akiwasaka madereva waliochelewa! Halimo A wala B. Nimeliweka mstari wa kwanza, na swali la katoni bosi kalikubali. Shahada imetoka, umri umetoka. Mshahara bado kagoma.

MzeeWaLeja: Nilisema.