Gari linatetemeka kwenye 70, likipita 80 linatulia

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Wenye kujua magari mnisaidie. Gari langu ni la gia otomatiki. Nikiwa kwenye 70 mpaka 80 hivi, nimekanyaga mafuta kidogo tu, linatetemeka kama napita kwenye matuta madogo madogo ya barabarani. Nikikanyaga zaidi linaacha. Nikiachia mafuta linaacha. Fundi kashabadilisha mauntini mbili za injini, limepungua kidogo ila bado. Sasa anataka tununue draivshafti.

Kassim: Draivshafti hiyo dada. Ile jointi ya ndani ikilika gari linatikisika likiwa linavuta. Nunua tu umalize.

Shangazi Mwanaidi: Hata langu linatetemeka mwanangu! Likifika 110 usukani unacheza mpaka mikono inakufa ganzi. Sasa na mimi ninunue hiyo shafti?

Kassim: Shangazi lako ni tairi, kapime balansi.

Shangazi Mwanaidi: Mbona la Zuhura siyo tairi?

Mjomba Hamadi: Marahaba Zuhura. Shemeji, la kwako linategemea mwendo peke yake na unalisikia kwenye usukani, kwa hiyo Kassim kasema kweli, anzia tairi za mbele. La Zuhura linategemea mwendo na mguu. Tairi mbovu haijali umekanyaga mafuta au umeachia.

Mjomba Hamadi: Zuhura usinunue kitu kwanza. Asubuhi likiwa la baridi, ukipita hapo kwenye 70 linatetemeka?

Zuhura: Hapana. Mpaka nitembee kama robo saa. Nilidhani ni mimi sijaamka vizuri 😅

Mjomba Hamadi: Basi hapo nimeanza kuipa draivshafti kisogo. Jointi iliyolika haingoji gari lipate moto. Tena jointi ya ndani inazidi kupiga kelele ukikandamiza mafuta, maana ndipo inapobeba mzigo mkubwa. La kwako linafanya kinyume, ukikandamiza linatulia.

Kassim: Na mauntini mjomba? Mbona limepungua alipobadilisha?

Mjomba Hamadi: Mauntini hazizalishi mtetemo huo, zinaupitisha. Mpira ukifa, kila kinachotikisika kule mbele kinafika kwenye kiti. Ukiweka mpya unasikia nafuu, na ugonjwa upo palepale. Mauntini iliyokufa ungeiona gari likiwa limesimama, gia iko D, mguu uko kwenye breki, bodi zima linatetema. Au ukitoka R kwenda D unasikia "du!".

Zuhura: Hayo hayakuwepo hata kabla ya kubadilisha. Kwa hiyo nini?

Mjomba Hamadi: Nashuku konveta. Kati ya injini na gia boksi kuna konveta, inapitisha nguvu kwa oili. Ndani yake mna klachi ndogo. Ukiwa na mwendo wa wastani na mafuta kidogo, gari likishapata moto, kompyuta inaifunga hiyo klachi ili injini na gia boksi vizunguke pamoja, mafuta yasipotee bure. Ukikandamiza inaifungua. Sasa oili ikichoka, klachi ikifungwa haishiki sawasawa. Inashika inateleza, inashika inateleza, haraka haraka. Ndiyo matuta yako hayo.

Bakari: Mimi gari langu ni la gia za mkono linanesa nikiondoka kwenye taa. Na mimi nina konveta?

Kassim: Bakari soma juu ndugu yangu 😂

Mjomba Hamadi: Wewe huna konveta Bakari. Tutaongea la kwako baadaye.

Mjomba Hamadi: Zuhura, kesho tafuta barabara tupu, nyuma yako pasiwe na mtu. Lishike kwenye ule mwendo mpaka litetemeke. Mguu wa kulia usiuondoe kwenye mafuta. Mguu wa kushoto uguse breki kidogo sana, taa za nyuma ziwake tu, gari lisipungue mwendo. Gusa mara moja uachie, usikalie pedali, magari mengine yanakata nguvu yakiona breki na mafuta pamoja. Uangalie mshale wa RPM.

Kassim: Mimi naona aweke N likiwa kwenye 75 liserereke. Mtetemo ukiisha ni konveta.

Mjomba Hamadi: Kipimo hicho kinaondoa tairi tu. Ukiweka N, draivshafti nayo haivuti kitu, kwa hiyo itatulia hata kama ndiyo mbovu. Breki ina uzuri wake: kwenye magari mengi taa ya breki ikiwaka kompyuta inaachia klachi ya konveta, lakini magurudumu na draivshafti vinaendelea kuzunguka vilevile na kuvuta vilevile. Kilichobadilika ni kimoja.

*Siku iliyofuata*

Zuhura: Mjomba! Nilikuwa kwenye 74, mshale unasoma 1,500 hivi na wenyewe unachezacheza. Nilipogusa breki ukapanda mpaka karibu 1,800 na mtetemo ukakata palepale. Nikaachia, baada ya muda mshale ukashuka, matuta yakarudi.

Kassim: Basi konveta imekufa. Gia boksi ishuke chini.

Mjomba Hamadi: Taratibu. Kuna kitu kimoja breki haikitenganishi. Injini ikiwa inamisi kidogo, plagi au koili imechoka, konveta ikiwa wazi oili inalificha lile pigo. Ikifunga, unalisikia lote. Ukigusa breki linapotea vilevile. Watu wameshusha gia boksi kwa sababu ya koili moja. Pata mtu mwenye skana.

Zuhura: Jirani yangu anayo. Niangalie nini?

Mjomba Hamadi: Mtu mwingine aishike wewe ukiendesha. Kwanza hesabu ya kumisi kwa kila silinda. Pili mizunguko ya injini na mizunguko inayoingia gia boksi, uziweke pamoja. Klachi ikiwa imefunga vizuri tofauti inakuwa ndogo na imetulia. Ikipanda na kushuka wakati ule ule wa matuta, klachi inateleza.

Zuhura: Tumetoka sasa hivi. Kumisi ni sifuri zote. Ile tofauti inaruka, mara 15, mara 70, mara 20. Ikitulia na gari linatulia.

Mjomba Hamadi: Hiyo ni klachi ya konveta. Sasa mwaga oili ya gia boksi, na uweke ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, siyo "inayofanana". Oili yenye mtelezo usio wake inaweza kuleta mtetemo huo huo hata kwenye gia boksi isiyo mbovu.

Kassim: Si wanasema gari la zamani ukibadilisha oili gia boksi inakufa?

Mjomba Hamadi: Mara nyingi hilo lilikuwa linakufa tayari, ndiyo maana likapelekwa. Ila kusukuma kwa mashine ya presha hata mimi siipendi. Amwage kwa njia ya nati ya chini. Zuhura, uinuse hiyo inayotoka na uangalie mna chengachenga za chuma.

*Jumamosi*

Zuhura: Imetoka nyeusi kama chai kavu, hainuki kuungua sana, chuma hakuna ila unga mweusi kwenye sumaku. Imetoka lita 3.5 tu, na kitabu kinasema gia boksi inabeba 7.

Mjomba Hamadi: Unga laini ni kawaida. Nusu nyingine imebaki ndani ya konveta na mipira, ndiyo maana inarudiwa. Weka kiasi kile kile kilichotoka, pima stiki ikiwa na moto kama kitabu kinavyosema.

Zuhura: Nimeshaendesha. Barabara ya tambarare limeacha kabisa. Ila kwenye mlima mrefu mpole, kama 72, linarudi kwa sekunde chache.

Kassim: Si nilisema, konveta.

Mjomba Hamadi: Inawezekana Kassim, klachi ikishalika oili haiifufui. Lakini nusu ya oili bado ni ile ya zamani. Litembelee wiki mbili, mwaga tena, upande mlima ule ule na skana. Ile tofauti ikiendelea kuruka, hapo tutaongea habari ya kushusha gia boksi.

Shangazi Mwanaidi: Nimepima balansi, usukani bado unacheza kidogo. Hamadi, na mimi niguse breki na mguu wa kushoto?

Mjomba Hamadi: Usiguse shemeji! Nakupigia.