Kiroba cha vitenge hakijulikani kilipo siku ya sita, nimejibiwa "pole kwa usumbufu" mara tatu

fundi_wa_songea (Jumatano, saa 1:40 usiku)

Wakuu, naandika nikiwa nimechoka na nimekasirika.

Mimi ni fundi cherehani hapa Songea. Nina kazi ya sare za harusi, magauni 22 ya mashangazi na mama wadogo, na harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Vitenge doti 22 vilinunuliwa Kariakoo, mwenye duka akavifunga kwenye kiroba na kuvipeleka ofisi ya mizigo ya kampuni moja ya mabasi Alhamisi iliyopita. Risiti ninayo, alinitumia picha. Ijumaa nilienda kupokea, hakuna kitu. Jumamosi hakuna. Leo ni siku ya sita.

Mimi na msichana wangu wa kazi tunashona magauni matatu kwa siku tukijibana. Kwa hiyo kila siku inayopita, ni magauni matatu yamenitoka mikononi. Hilo nimewaandikia wazi kabisa kwenye meseji ya kwanza, pamoja na tarehe ya harusi na picha ya risiti. Majibu yao ni haya:

Jumamosi: "Ndugu mteja, pole kwa usumbufu. Tafadhali tutumie namba ya risiti." Nikatuma, ingawa ilikuwa kwenye picha.

Jumapili: "Ndugu mteja, pole kwa usumbufu uliojitokeza. Suala lako linashughulikiwa."

Jumatatu, mtu mwingine: "Habari, tukusaidie nini?" Nikaanza upya. Akaniomba namba ya risiti.

Leo asubuhi: "Ndugu mteja, pole kwa usumbufu. Tunaomba uwe mvumilivu wakati tunalifanyia kazi." Nikapiga simu, dada akaniambia "usitufokee, sisi siyo tuliopakia."

Mara tatu nimepewa pole, na hakuna hata mmoja aliyeandika neno "harusi" au "kiroba". Naomba mnieleze, hivi huku kwenye ofisi za huduma kwa wateja watu wanafundishwa kujibu hivi?

bosi_wa_genge

Pole sana dada. Mimi nilituma laki na ishirini kwa namba isiyo yangu, mtandao wakanirudishia baada ya siku mbili. Piga namba ya huduma upesi kabla aliyepokea hajaitoa, ukiwahi wanaizuia.

fundi_wa_songea

Ndugu yangu asante, lakini mimi sijakosea kutuma pesa. Mzigo wangu ndio haujulikani ulipo.

mwanakaunta

Mimi nipo kaunta ya mizigo, kampuni nyingine. Nitasema upande wetu. Tunatukanwa kuanzia asubuhi kwa makosa ya watu wa kupakia. Na sisi tumekatazwa kuandika "tumekosea", kwa sababu mteja akienda nayo mbele ni ushahidi. Ndiyo maana unaona "pole kwa usumbufu". Siyo roho mbaya. Mteja akiwa mkali, dawa ni kumwacha apoe kwanza halafu kumpa nauli ya bure ya mzigo mwingine. Wengi wanatulia.

mzee_wa_malalamiko

Nimesimamia dawati la malalamiko ya mizigo miaka tisa kabla ya kustaafu. Mwanakaunta ana ukweli nusu. Ni kweli usiandike "dereva wetu ameiba" wala "tutakulipa" kabla hujajua. Lakini kumwacha apoe? Huyu mama anapoteza magauni matatu kila siku. Hapoi, anazidi kuungua. Na nauli ya bure ya mzigo mwingine, wakati huu wa kwanza hujauona, mteja anaisikia kama dharau.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu, pole unampa mtu aliyefiwa, anayeumwa, hata anayetoka shamba. Unampa wewe usiyehusika. Ukimkanyaga mtu mguu ukamwambia "pole" ukaendelea na safari, atakugeukia, kwa sababu alitaka "samahani" au "niwie radhi". Kampuni inayompa mteja pole na kuishia hapo imejiweka upande wa majirani wanaokuja kuhani. Pole iwepo, ila isikae peke yake.

La pili ni vitenzi. Angalia walivyoandika: usumbufu *uliojitokeza*, suala *linashughulikiwa*. Usumbufu umejitokeza wenyewe, na anayeshughulikia hatajwi. Mtu mwenye hasira anaisikia hiyo hata kama hajui sarufi. Kama ningekuwa pale Jumamosi, ningeandika hivi:

"Dada, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako wote. Kiroba cha vitenge doti 22 tulikipokea ofisi yetu ya Dar Alhamisi na hakijakufikia Songea. Kukitafuta ni kazi yetu, si yako. Samahani kwa kukuchelewesha na harusi iko karibu. Leo mimi mwenyewe naangalia orodha za mizigo za mabasi yote yaliyotoka usiku ule. Saa kumi jioni nitakupigia, niwe nimekipata au sijakipata. Jina langu ni hili na namba yangu ni hii."

Mwanakaunta, hapo hakuna mstari unaosema nani alikosea. Kuna kukubali kwamba mzigo ulikuwa mikononi mwetu, na hilo risiti yako imeshalisema. Huwezi kujificha kwenye jambo ulilolipigia muhuri.

Halafu angalia ahadi. Sikusema mzigo utafika saa kumi, hilo siliwezi. Nimesema nitapiga saa kumi, hilo naliweza. Vijana wengi niliofanya nao kazi walikuwa wanaharibu hapo. Kwa huruma wanamwambia mteja "kesho utaupata", kesho haupo, na kuanzia hapo hata ukimwambia jua linachomoza mashariki hakuamini.

mwanakaunta

Sawa mzee, lakini "samahani kwa kukuchelewesha" si ni kukiri? Bosi wangu akiiona hiyo nimeisha.

mzee_wa_malalamiko

Kuchelewa hakuna ubishi, kalenda inaonyesha. Lakini nakubali kwamba kuna maofisi hata hilo halikubaliki, na hapo kijana wa kaunta hana la kufanya. Kumnyima mtu ruhusa ya kusema samahani na hapo hapo kumkalisha mbele ya wateja, mimi naona ni kumtesa. Tuliwahi kulibishania sana ofisini na hatukulimaliza.

mpenda_sheria

Dada, achana na meseji. Nenda LATRA, wao ndio wanasimamia mabasi ya mikoani.

mkazi_wa_ubungo

LATRA kwa basi na abiria, sawa. Leseni za kusafirisha vifurushi na vipeto zinatolewa na TCRA. Peleka malalamiko kote kuwili ukiambatanisha meseji zote nne, ila andika kwanza barua kwa kampuni yenyewe, maana watakuuliza kama uliwaambia wakakujibu nini.

mzee_wa_malalamiko

Hiyo ni haki yako, na usiifute hata mzigo ukipatikana. Ila vitenge vinatakiwa wiki hii, kwa hiyo nikuulize. Una picha ya kiroba chenyewe, siyo risiti? Mwenye duka aliandika nini juu kwa markapeni?

fundi_wa_songea

Nimempigia, alikuwa ameipiga wakati wa kukabidhi. Kimeandikwa namba yangu ya simu, halafu herufi kubwa "SONG", na mbele yake kamba imepita juu, hakisomeki.

mzee_wa_malalamiko

Songea au Songwe? Mpakiaji akisoma Songwe, kiroba chako kimepanda basi la Tunduma. Mabasi yote mawili yanakwenda njia moja hadi Makambako. Pale la Songea linakata kwenda Njombe, la Tunduma linanyoosha Mbeya. Waambie waulize Mbeya na Tunduma, stoo ya mizigo isiyochukuliwa. Watumie hiyo picha.

Na ona jinsi swali hili lilivyo dogo. Mtu wa kwanza kukujibu Jumamosi angeliuliza hilo badala ya namba ya risiti aliyokuwa nayo, tungekuwa na hadithi nyingine. Kumjali mteja ni pamoja na kumuuliza kile ambacho yeye tu anakijua.

mwanakaunta

Hii ya Songwe nimeiona mara mbili ofisini kwetu. Dada samahani kwa niliyosema kuhusu kupoa, sikuwa nimesoma ile ya magauni matatu.

fundi_wa_songea (Alhamisi, saa 3:15 usiku)

Narudi na habari. Asubuhi niliwatumia picha na maelezo ya mzee. Nikapigiwa na dada ambaye sijawahi kuongea naye. Kitu cha kwanza aliniambia: "Mama, nimesoma kuanzia Jumamosi. Tumekuuliza namba ya risiti mara mbili wakati ulishatuma. Samahani." Nilikuwa nimejiandaa kufoka, nikakaa kwenye kiti cha cherehani nikanyamaza.

Akasema atapiga saa kumi. Saa kumi na dakika nne akapiga: "Sijakipata. Mbeya wameangalia, hakipo. Tunduma stoo imefungwa, mwenye funguo anarudi saa moja. Nitakupigia saa mbili." Wakuu, hiyo simu ya "sijakipata" ndiyo imenirudishia pumzi kuliko pole zote tatu, kwa sababu nilijua sasa kuna mtu anatembea.

Saa mbili akapiga. Kipo Tunduma. Kinapakiwa kesho alfajiri hadi Mbeya, kisha basi la Songea, nikipokee Jumamosi. Amenitumia picha kikiwa kimeandikwa SONGEA upya pande zote mbili, na namba ya konda.

Nikikipokea Jumamosi nitabaki na siku sita za kushona, magauni 18. Manne lazima nimpe fundi mwingine, na nimemuuliza nani atamlipa. Amenijibu, "Hilo mama sina mamlaka nalo, sitaki kukudanganya. Nimelipeleka kwa meneja kwa maandishi, atakupigia kesho kabla ya saa sita mchana. Asipopiga, nipigie mimi."

mzee_wa_malalamiko

Huyo dada anajua kazi. Meneja asipopiga hiyo saa sita, mpigie dada saa sita na dakika moja, na barua ya LATRA na TCRA iwe tayari mezani.

bosi_wa_genge

Kwani mzigo ulikuwa ni vitenge? Mimi nilidhani ni muamala. Hongera dada.

fundi_wa_songea (Ijumaa, saa 6:20 mchana)

Meneja hajapiga. Nimempigia dada, ameniambia anakwenda kumsimamia mlangoni. Kiroba kimeshapita Makambako, konda amethibitisha. Narudi kukata karatasi za vipimo.