Swali la 7 la kwizi ya uhasibu lina majibu mawili sahihi, lakini linasahihishwa kama lina moja tu

Mizania

Wakuu, swali hili linarudi kila muhula kama lilivyo, na kila muhula watu wanaojua hesabu wanapewa sifuri. Naliweka hapa lote ili mtu anayelitetea alitetee kwa namba.

Tarehe 1 kuna vipande 100 vilivyogharimu 50 kila kimoja. Tarehe 8 vinanunuliwa 200 kwa 56. Tarehe 15 vinauzwa 200. Tarehe 22 vinanunuliwa 100 kwa 66. Tarehe 28 vinauzwa 120. Bei ya kuuzia ni 80 mwezi mzima, na mwisho wa mwezi vimebaki 80. Unaambiwa utafute thamani ya bidhaa zilizobaki kwa FIFO, yaani kilichoingia kwanza kinatoka kwanza, na kwa wastani wa uzani, kisha useme ni njia ipi imeleta faida ghafi kubwa na kwa tofauti ya kiasi gani.

FIFO haina ugomvi. Vilivyouzwa ni 320, kwa hiyo unamaliza 100 vya 50, unamaliza 200 vya 56, halafu unachukua 20 katika vile vya 66. Gharama ya mauzo ni 17,520. Vilivyobaki ni 80 vya 66, yaani 5,280. Mauzo ni 25,600, faida ghafi 8,080.

Balaa ni kwenye wastani. Jibu la msahihishaji ni 4,560, na tofauti ya faida ni 720. Amejumlisha gharama zote za mwezi, 22,800, akagawa kwa vipande 400, akapata 57, akazidisha kwa 80. Sawa. Lakini swali limetoa tarehe ya kila mauzo! Ukifuata tarehe, baada ya ununuzi wa tarehe 8 una vipande 300 vyenye gharama ya 16,200, wastani 54. Vinatoka 200, vinabaki 100 vyenye thamani ya 5,400. Tarehe 22 unaongeza 6,600, una vipande 200 kwa 12,000, wastani sasa ni 60. Vinatoka 120, vinabaki 80 kwa 60, yaani 4,800. Faida ghafi inakuwa 7,600, na tofauti yake na FIFO ni 480.

Wote wawili wametumia wastani wa uzani na hakuna aliyekosea kujumlisha. Mmoja anapewa alama zote, mwingine anapewa sifuri, na kwenye karatasi hakuna neno hata moja linalosema ni mfumo upi ufuatwe. Hiyo si haki.

Kalamu Nyekundu

Hoja yako naielewa, ila upande wa pili nao una msingi. Vitabu vingi vya kufundishia vinaposema "wastani wa uzani" bila kuongeza kitu, vinamaanisha wastani mmoja wa kipindi chote. Ule unaokokotolewa upya kila mzigo unapoingia vinauita wastani unaosonga. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo hataona utata wowote kwenye swali.

Tatizo ni kwamba kiwango chenyewe cha kimataifa cha uhasibu wa bidhaa ghalani, IAS 2, hakijafungia hapo. Kinaruhusu wastani ukokotolewe kwa kipindi, au kila shehena mpya inapopokelewa, kutegemea mazingira ya biashara. Kwa hiyo mtahini anayetaka jibu moja ana wajibu wa kutaja mfumo. Na akishaweka tarehe za mauzo, mimi ningesoma kwamba anataka tarehe zitumike. Kama hazina kazi, ziko pale kwa nini?

Debiti

Naungana na mleta uzi asilimia mia. Ila basi awe sawa pande zote: kama wastani unabadilika ukifuata tarehe, na FIFO nayo lazima ibadilike. Hivyo swali lina majibu manne, si mawili.

Mizania

Hapana ndugu yangu, FIFO haibadiliki, jaribu uone. Tarehe 15 vinatoka 100 vya 50 na 100 vya 56, jumla 10,600. Vinabaki 100 vya 56. Tarehe 28 vinatoka hivyo 100 kwa 5,600 na 20 vya 66 kwa 1,320. Jumlisha, unarudi palepale kwenye 17,520. Sababu ni kwamba FIFO inaanza na mzigo wa zamani kuliko yote, na mzigo wa zamani unakuwa tayari upo ghalani siku ya mauzo. Mzigo wa baadaye haupati nafasi ya kuruka foleni.

Wastani wa kipindi unafanya jambo tofauti kabisa. Vipande 200 vilivyouzwa tarehe 15 unavitoza 57 kila kimoja, wakati siku hiyo wastani wa ghala ulikuwa 54. Hiyo 3 ya ziada imetoka kwenye mzigo wa 66 ulioingia wiki nzima baadaye! Umeongeza 600 kwenye gharama ya mauzo. Kwenye vile 120 vya tarehe 28 ukatoza 57 badala ya 60, ukapunguza 360. Inabaki 240, na hiyo ndiyo tofauti kati ya 4,800 na 4,560. Bei zikiwa zinapanda, wastani wa kipindi utameza faida kuliko ule unaosonga, na hapo ndipo mwanafunzi anapokatwa alama bila kosa.

Mtunza Stoo

Samahani wakuu, hapa kwetu mzigo mpya unawekwa mbele na ndio unaotoka kwanza, wa zamani unabaki nyuma. Kwa hiyo FIFO haituhusu kabisa. Je, hapo jibu si wastani moja kwa moja?

Kalamu Nyekundu

Mkuu, swali haliulizi kipande gani kilibebwa mlangoni. Linauliza ni gharama ipi inapelekwa kwenye mauzo. Kama vipande vinafanana na vinaweza kubadilishana, unaweza kutumia FIFO kwenye vitabu hata kama mtu wa stoo anachukua cha mbele. Sharti ni kwamba bidhaa za aina moja na matumizi yaleyale zifuate njia ileile. Huwezi kutumia FIFO mwezi huu kwa sababu faida inapendeza, mwezi ujao ukahamia wastani. Mzigo wa nyuma ukiharibika au ukipitwa na wakati ni suala jingine: hapo unalinganisha gharama na kiasi utakachopata kwa kuuuza baada ya kutoa gharama za kuuuza, unachukua kidogo. Hilo linafanyika bila kujali umechagua njia ipi.

Desimali

Mimi nimepata 4,586.67, na halipo kwenye majibu yote mnayoyasema. Nimechukua 50, 56 na 66, nikagawa kwa 3, ikaja 57.33, nikazidisha kwa 80. Swali lina kasoro hata kwenye namba.

Mizania

Hapo kasoro si ya swali. Umechukua wastani wa bei tatu kana kwamba kila bei imenunua idadi ileile, wakati vile vya 56 ni mara mbili ya vingine. Kwenye jedwali la kompyuta, ukiweka idadi safu ya B na bei safu ya C, ya kwanza hapa ndiyo yako na ya pili ndiyo inayotakiwa:

```
=AVERAGE(C2:C4)
=SUMPRODUCT(B2:B4,C2:C4)/SUM(B2:B4)
```

Ya kwanza inaleta 57.33, ya pili 57. Na kuna njia ya kujikagua kabla hujakabidhi karatasi: gharama ya mauzo ukijumlisha na thamani ya vilivyobaki lazima irudi 22,800. FIFO ni 17,520 na 5,280, imerudi. Wastani wa kipindi ni 18,240 na 4,560, imerudi. Unaosonga ni 18,000 na 4,800, imerudi. Yako inaleta 22,933.33. Umetengeneza 133.33 ambazo hakuna aliyezilipa.

Desimali

Sawa nimeona. Lakini kama karibu kila mtu anagawa bei kwa 3, basi mwalimu naye alitakiwa atahadharishe.

Kalamu Nyekundu

Kwa kuwa tumeifungua karatasi, tazameni na swali la 8. "Kweli au si kweli: bei zikipanda, FIFO daima huonyesha faida kubwa kuliko wastani." Jibu lao ni kweli. Hilo linanikera kuliko la 7, kwa sababu la 7 limepungukiwa neno, la 8 linafundisha uongo.

Endeleeni na mwezi wa pili. Bei inapanda hadi 70, biashara inanunua vipande 20 tu, inauza vyote 100 kwa 90, ghala linabaki tupu. Mauzo ni 9,000. Kwa FIFO gharama ni 5,280 na 1,400, jumla 6,680, faida 2,320. Kwa wastani wa kipindi ni 4,560 na 1,400, jumla 5,960, faida 3,040. Bei zimepanda, na FIFO ndiyo yenye faida ndogo, kwa 720 zilezile ilizozidi mwezi wa kwanza. Jumlisha miezi miwili: 10,400 kila upande.

Alichofanya FIFO mwezi wa kwanza ni kuacha gharama kubwa zaidi ghalani. Ghala likishuka, gharama hiyo inatoka na kuikata faida. Neno "daima" litolewe, au waseme idadi ya bidhaa ghalani haipungui na pande zote mbili zimeanza na salio moja.

Debiti

Mkuu hapo umelipeleka mbali. Swali la 8 linahusu mwezi mmoja ulioanza na salio moja, kila mtu anaelewa hivyo. Ukianza kumaliza ghala unauliza swali jingine.

Kalamu Nyekundu

Limeandikwa wapi kwamba ni mwezi mmoja? Nimelisoma mara mbili, hakuna.

Mizania

Na hilo ndilo ninalolalamikia tangu juu: "kila mtu anaelewa" haisahihishiki. Napeleka ombi la marudio ya alama nikiwa na hesabu zote mbili za swali la 7, mstari kwa mstari kwa tarehe. Ninachodai ni kwamba 4,800 na 480 zikubaliwe sambamba na 4,560 na 720, na muhula ujao swali liandikwe "wastani wa kipindi" au "wastani unaokokotolewa kila ununuzi". Aliyejibu 4,800 akakatwa alama aniandikie, ombi likienda na watu wengi halitupwi kirahisi. La 8 nalo tuliambatanishe au tuliache? Debiti anapinga, nataka kusikia wengine.